Uzi: Nimwandikieje mteja kwamba uzinduzi wa Jumamosi hauwezekani? Kasoro nzito zimejitokeza mwishoni

MpimajiPwani
Wakuu, habari za jioni. Mimi ndiye kiongozi wa majaribio katika kampuni ndogo ya programu hapa Mombasa. Mteja wetu ni sacco ya wafanyakazi. Tunawatengenezea mfumo ambao mwanachama analipa rejesho la mkopo kwa M-Pesa kupitia simu yake, leja inajiandika yenyewe na salio la mkopo linashuka papo hapo. Uzinduzi ulipangwa Jumamosi tarehe 14, siku ya mkutano mkuu wa mwaka. Mabango yamechapishwa na wanachama wameshatumiwa ujumbe mfupi.

Ijumaa tulifanya mazoezi ya mwisho. Tulipakia leja yote ya zamani ya sacco, kisha tukapitisha malipo 600 ya majaribio. Kwenye kulinganisha, jumla ya leja ikazidi jumla ya taarifa ya malipo. Tukatafuta hivi:

```sql
SELECT risiti, COUNT(*)
FROM malipo
GROUP BY risiti
HAVING COUNT(*) > 1;
```

Kwenye malipo ya majaribio, risiti 7 zimeandikwa mara mbili. Mwanachama analipa 5,000, mkopo wake unapungua kwa 10,000. Hakuna pesa ya mtu iliyoguswa, yote yalikuwa majaribio. Lakini siwezi kuweka sahihi yangu mfumo ukaingia kazini namna hii, na bosi wangu amekubali. Ameniambia nimwandikie mteja mimi mwenyewe. Rasimu yangu ni hii:

*"Ndugu Meneja, tunaomba radhi kwa usumbufu. Kutokana na changamoto za kiufundi zilizojitokeza katika hatua za mwisho, tumelazimika kuahirisha uzinduzi. Timu yetu inafanya kazi usiku na mchana kuhakikisha mnapata mfumo wenye ubora wa hali ya juu. Tutawajulisha tarehe mpya mapema iwezekanavyo."*

Naisoma naona haina kitu ndani. Nisaidieni.

KijanaWaMifumo
Mkuu, kabla ya barua, hiyo kasoro mbona ndogo. Mmeniambia kule kwenye uzi wa juzi kwamba malipo yanapita kwenye SQS, foleni ya ujumbe ya Amazon. Mpangilio wake wa mwanzo unaficha ujumbe uliochukuliwa kwa sekunde 30, kazi isipokamilika ndani ya muda huo ujumbe unaonekana tena na mfanyakazi mwingine anauchukua. Leja ilipojaa, hesabu ya salio ikawa inazidi sekunde 30. Pandisha muda uwe sekunde 300 na Jumamosi mnazindua. Hakuna haja ya kumtisha mteja.

Bi_Leja
Samahani naingilia, mimi si mtu wa kompyuta. Nimekuwa mhasibu wa sacco miaka mingi na nimestaafu juzi juzi. Nataka kuuliza jambo moja tu: salio la mkopo likishuka, mfumo wenu unaachilia dhamana za wadhamini wenyewe, au kuna mtu anayebonyeza?

MpimajiPwani
Unaachilia wenyewe, mama. Waliomba hivyo, maana zamani wadhamini walikuwa wanasubiri wiki nzima karatasi ipite kwa kamati ya mikopo.

Bi_Leja
Basi mwanangu, jambo lako ni zito kuliko ulivyoliandika. Sikiliza. Juma ana mkopo, mimi nimemdhamini kwa akiba yangu 40,000. Leja ikisema Juma amelipa mara mbili, mkopo wake unaisha kwenye vitabu kabla hajaumaliza. Akiba yangu inafunguliwa. Asubuhi ile ile namdhamini mwenzangu mwingine kwa akiba hiyo hiyo, naye anachukua mkopo wake na kuondoka na hela. Mkigundua wiki ijayo na kumrudishia Juma deni lake, mdhamini wake hayupo tena, yuko kwenye mkopo wa mtu mwingine. Hakuna mstari wa kufuta utakaorekebisha hilo. Ni kuita watu ofisini mmoja mmoja, na wengine hawatakuja.

Meneja wa sacco akisoma "changamoto za kiufundi" atakuuliza kwa nini usizirekebishe baada ya mkutano. Akisoma habari ya wadhamini atawapigia watu wa mabango yeye mwenyewe.

Fundi_Foleni
Bi_Leja amemaliza kazi ya nusu ya barua. Mimi nimjibu KijanaWaMifumo, kwa sababu jibu lake ni lile ambalo mteja mwenye mtoto wa TEHAMA nyumbani ataleta, na MpimajiPwani lazima awe na la kusema.

Kuhusu chanzo uko sawa kabisa. Sekunde 30 ndizo zilizoanika tatizo. Lakini kurefusha muda kunapunguza tu nafasi ya kasoro kutokea, haiondoki. Foleni ya kawaida ya SQS inaahidi kuleta ujumbe angalau mara moja. Haijaahidi mara moja tu. Siku yoyote inaweza kuuleta mara mbili hata kama kazi yako inachukua nusu sekunde, na imeandikwa wazi kwenye maelezo yao. Kwa hiyo anayepokea ndiye mwenye jukumu la kumtambua mgeni aliyekwisha kuingia.

MpimajiPwani, swali: msimbo wenu ulikuwa unaangalia kama risiti ipo kabla ya kuiandika?

MpimajiPwani
Ulikuwa unaangalia. Ndicho kilichotuchanganya siku nzima. Kwenye majaribio ya kila siku tulirudia ujumbe ule ule makusudi, na wa pili ukakataliwa kila mara.

Fundi_Foleni
Kwa sababu mlirudia wa kwanza ukiwa umeshamaliza. Kwenye mazoezi wa kwanza alikuwa bado katikati ya muamala wake, anahesabu salio, hajathibitisha. Wa pili akaangalia, hakuona kitu, naye akaandika. Wote wawili waliangalia kwa uaminifu na wote wawili hawakuona. Dawa ni kuipa hifadhidata kazi hiyo:

```sql
ALTER TABLE malipo
  ADD CONSTRAINT malipo_risiti_uq UNIQUE (risiti);

INSERT INTO malipo (risiti, mkopo_id, kiasi)
VALUES ($1, $2, $3)
ON CONFLICT (risiti) DO NOTHING
RETURNING id;
```

Hapa wa pili anasubiri wa kwanza amalize, kisha anaambiwa risiti ipo. Zingatieni mstari wa mwisho. Isiporudi `id`, msimbo usimame hapo hapo, usiende kupunguza salio. Nimeona timu iliyoweka kizuizi vizuri kisha salio likaendelea kushuka mara mbili, maana mstari wa pili wa kazi haukujua kwamba wa kwanza haukuandika chochote. Leja ilikuwa safi, masalio ndiyo yaliyokuwa mabovu, na hilo ni gumu zaidi kuligundua.

KijanaWaMifumo
Nakubali hiyo ya "angalau mara moja", sikuizingatia. Lakini bado naona kazi yenyewe ni ya siku moja. Kwa nini uzinduzi usogee wiki mbili?

MpimajiPwani
Kuandika ni siku moja, kweli. Lakini leja ya zamani ina marejesho ya kaunta ambayo risiti yake iko tupu, na mengine karani aliandika namba ile ile ya kitabu kwa watu wawili. Yale matupu, kwa kuwa ni NULL, hayana shida kwenye PostgreSQL, yanapita. Yale yaliyojirudia yanazuia kizuizi kisiwekwe mpaka tuamue kila moja ni kosa la karani au ni malipo mawili halali. Hilo haliamui mtu wa programu, linaamua sacco. Baada ya hapo ni mazoezi upya, leja kamili, kisha kulinganisha shilingi kwa shilingi.

MjasiriaNakuru
Hii mada imenigusa. Mimi Play Store wamenikatalia programu yangu ya kuuza mitumba tena baada ya kusubiri siku nyingi, na mteja alikuwa ameshalipa nusu. Nimewaandikia hawajibu. Nani anajua barua ya kukata rufaa inaandikwaje?

Fundi_Foleni
Ndugu, hiyo ni kesi nyingine, ya kwako wewe ndiye mteja. Fungua uzi wako, weka sababu waliyokupa neno kwa neno, nitakuja huko.

MwanasheriaMtaani
Nimesoma yote. Angalizo langu: usiandike "kosa letu" popote. Angalia mkataba kama una faini ya kuchelewa. Barua pepe ni ushahidi. Na kwa nini aandike mkuu wa majaribio? Aandike meneja wa mradi, maneno yawe machache, yaliyobaki myaseme kwa simu.

Bi_Leja
Mwanasheria, nakuheshimu, ila sikubaliani nawe hapo. Ya simu yanasahaulika. Meneja wa sacco ana bodi juu yake, na bodi itataka karatasi. Usipompa karatasi yenye maelezo atawaandikia yeye kwa jinsi alivyoelewa, na alivyoelewa huenda ni vibaya. Tena aliyesema "sipitishi" ndiye anayepaswa kusikika. Mimi ningeamini zaidi barua ya mtu aliyehesabu na kukuta haikubaliani.

MwanasheriaMtaani
Sijasema afiche. Nasema aeleze kilichotokea bila kutoa hukumu ya nani alaumiwe. Kuna tofauti kati ya "mazingira ya majaribio hayakuwa na leja kamili" na "tulizembea". Sentensi ya kwanza ni taarifa, ya pili ni zawadi kwa wakili wa upande wa pili. Bosi wako aisome kabla haijatoka.

MpimajiPwani
Hapo kwenye leja kamili ndipo ninapokwama. Mteja atauliza kwa nini hatukuona mapema. Ukweli ni kwamba miezi yote tulipima kwa wanachama wa kubuni 200, na kila malipo yalimalizika chini ya sekunde moja. Leja halisi tuliipata wiki iliyopita, kwa sababu sacco walikuwa wanaisafisha. Nikisema hivyo nitaonekana nawatupia wao lawama.

Fundi_Foleni
Sema vyote viwili kwenye aya moja. Leja ilifika wiki iliyopita, na kabla ya hapo sisi tulipima kwa data ndogo. Tungeweza kutengeneza leja kubwa ya kubuni bila kuwasubiri, na kuanzia sasa tutafanya hivyo. Ukiacha sehemu ya pili, wao wataijaza kwa sauti kwenye kikao. Ukiacha ya kwanza, unadanganya kuhusu ratiba.

Na kuhusu tarehe: usiseme "mapema iwezekanavyo". Mtu aliyechapisha mabango anahitaji siku. Mpe tarehe, umpe na masharti yanayoibeba, ili ikisogea tena ajue sharti lipi halikutimia.

MpimajiPwani
Nimeandika upya usiku huu. Bosi ameisoma na kubadilisha maneno mawili. Isomeni kwa ukali.

*Mada: Uzinduzi wa tarehe 14 hautafanyika, tunapendekeza Jumamosi tarehe 28*

*Ndugu Meneja,*

*Uzinduzi wa malipo ya mikopo kwa simu hautaweza kufanyika Jumamosi hii. Tunapendekeza ufanyike Jumamosi tarehe 28. Najua mabango na ujumbe kwa wanachama vimeshatoka, ndiyo maana nakuandikia leo bila kusubiri kikao cha Jumatano.*

*Ijumaa tulipitisha malipo 600 ya majaribio juu ya leja yenu kamili. Malipo 7 yaliandikwa mara mbili. Hakuna pesa wala akaunti ya mwanachama iliyoguswa. Kazi yote ilifanyika kwenye nakala.*

*Hii ingetokea kazini, mkopo ungeonekana umelipwa zaidi ya ulivyolipwa, na mfumo ungeachilia akiba za wadhamini kabla ya wakati. Mdhamini aliyeachiliwa anaweza kumdhamini mtu mwingine siku hiyo hiyo, na baada ya hapo kusahihisha leja hakumrudishi kwenye mkopo wa kwanza. Kwa sababu hiyo sikuweza kuupitisha mfumo, hata kwa kuahidi kurekebisha baadaye.*

*Chanzo ni hiki. Malipo yakichelewa kuchakatwa, ujumbe wake hupokelewa tena, na mfumo wetu haukuzuia malipo mawili yenye risiti moja yanayochakatwa kwa wakati mmoja. Tatizo halikuonekana mapema kwa sababu tulikuwa tunapima kwa wanachama wachache wa kubuni, na huko hakuna malipo yaliyochelewa. Leja kamili tulianza kuitumia wiki iliyopita ilipokamilika kusafishwa. Kuanzia sasa tunapima kwa leja kubwa ya kubuni tangu mwanzo wa kazi.*

*Marekebisho yatakamilika Jumatano tarehe 11. Kuna jambo moja tunalohitaji kutoka kwenu: orodha iliyoambatishwa ina marejesho ya kaunta ya zamani yenye namba za risiti zilizojirudia. Tunaomba mhasibu wenu aonyeshe kila moja kama ni malipo mawili halali au ni kosa la kuandika, kufikia Jumatatu tarehe 16. Mazoezi mapya yatafanyika tarehe 19 na 20. Tutapendekeza kuzindua tu ikiwa jumla ya leja na jumla ya taarifa ya malipo zitalingana bila tofauti ya shilingi hata moja, na hakuna risiti iliyojirudia hata tunapochelewesha malipo makusudi. Jumatatu tarehe 23 nitakuletea matokeo hayo yakiwa yamesainiwa.*

*Orodha ikichelewa, mazoezi nayo yatasogea kwa siku hizo hizo.*

*Naomba radhi kwa hali hii kuwafikia siku chache kabla ya mkutano mkuu. Nitakupigia saa nne asubuhi kesho, na nitakuwa tayari kuja mbele ya bodi ikihitajika.*

Bi_Leja
Hii naielewa bila kuuliza mtu. Kitu kimoja: ongeza mistari miwili ambayo meneja anaweza kuinakili akawatumia wanachama. Leo hatakuwa na utulivu wa kuitunga mwenyewe, na akiitunga kwa haraka ataandika "mfumo umeharibika", watu waanze kuuliza kama akiba zao ziko salama.

MwanasheriaMtaani
"Mfumo wetu haukuzuia" bado inaniwasha, ila naona umeandika taarifa, hujatoa hukumu. Mimi ningeitoa ile sentensi ya "kuanzia sasa tunapima kwa leja kubwa". Inaonyesha mlijua la kufanya.

Fundi_Foleni
Mimi ningeiacha. Ndiyo sentensi pekee inayomjibu mjumbe wa bodi atakayeuliza kwa nini aamini tarehe 28. Hapa tutofautiane tu.

Kwenye mazoezi, hakikisheni kuchelewesha makusudi kunafanyika ndani ya muamala, baada ya kuandika malipo na kabla ya kuthibitisha. Mkichelewesha kabla ya kuandika, mtapata kijani kisichothibitisha chochote. Na ile hesabu ya salio iliyozidi sekunde 30 ishughulikieni pia. Kizuizi kitalinda leja, lakini mwanachama atakayesubiri dakika nzima kuona salio lake atadhani malipo hayakupita, atalipa tena kwa risiti nyingine. Hayo ni malipo mawili halali ambayo kizuizi hakitayagusa.

MpimajiPwani
Tumeiona hiyo, hesabu ilikuwa inapitia leja yote kwa sababu safu ya `mkopo_id` haikuwa na faharasa. Nimeongeza mistari ya wanachama: *"Huduma ya kulipa mikopo kwa simu itaanza tarehe 28 badala ya tarehe 14, ili ukaguzi wa mwisho wa hesabu ukamilike. Akiba na mikopo yenu haijaguswa. Endeleeni kulipa kama kawaida."* Nimeituma asubuhi hii.

MpimajiPwani
Mrejesho, wakuu. Nilimpigia saa nne kama nilivyoahidi. Hakufurahi, lakini hakubishana kuhusu kasoro. Aliuliza maswali kuhusu wadhamini tu. Orodha ameshampa mhasibu. Sasa mweka hazina wa bodi ameleta wazo: Jumamosi tufungue sehemu ya kuangalia salio peke yake, malipo yabaki yamefungwa, ili mkutano uwe na kitu cha kuonyesha.

KijanaWaMifumo
Hiyo nzuri sana. Kuangalia hakuandiki kitu kwenye leja, kwa hiyo kasoro haiwezi kutokea. Wapeni.

Bi_Leja
Mimi naogopa. Leja ina namba zilizojirudia ambazo mhasibu hajaamua. Mwanachama akiona salio Jumamosi mbele ya wenzake, kisha tarehe 28 akute limepanda kwa sababu rejesho lake moja lilikuwa kosa la karani, atasema mfumo umemwibia. Salio ukishalionyesha umeshaliahidi.

Fundi_Foleni
Njia ya kati ipo: wanachama ambao mikopo yao haimo kwenye orodha ile waone salio, waliomo waone "linahakikiwa". Ni chujio moja kwenye swali la hifadhidata. Lakini kuna hatari yake: mtu wa kwanza kuona "linahakikiwa" mkutanoni atasimama na kuuliza kwa nini yeye. MpimajiPwani, wako wangapi kwenye orodha?

MpimajiPwani
Mikopo 38, na miwili kati yake ni ya wajumbe wa bodi. Kesho asubuhi nakaa na meneja na mhasibu. Nitawapelekea njia zote mbili pamoja na hofu ya Bi_Leja kama alivyoiandika, na hiyo ya kuangalia salio nayo nitaipima kwanza kwa leja kamili kabla sijasema ndiyo.